Namna ya Kumfukuza Msanii Kwenye Simu Yako

Shemeji yangu ana kinyozi Morogoro, na muziki wa pale dukani unatoka kwenye simu yake. Simu imeunganishwa na spika iliyo juu ya kabati la taulo, YouTube inafunguliwa asubuhi, na kuanzia hapo mwenye simu hana tena mamlaka nayo. Mteja akikaa kwenye kiti anaagiza wimbo kama anavyoagiza mtindo wa nywele. Vijana wanataka singeli na amapiano, mzee wa saa nne anataka kwaya, na mkono wa kinyozi ukiwa na mashine, wimbo ukiisha YouTube yenyewe inachagua unaofuata.

Yeye binafsi ni mtu wa dansi la zamani: Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Juma Kilaza. Jioni akifika nyumbani na kutaka kusikiliza cha kwake, ukurasa wa mwanzo umejaa singeli kuanzia juu hadi chini. Kwa muda mrefu alikuwa akifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya: anagusa vidoti vitatu pembeni mwa video, anachagua `Not interested`, video inatoweka, anahamia ya pili. Kesho yake zinarudi nyingine za namna ileile, tofauti ni majina tu. Akaamini kitufe kile ni cha mapambo.

Si cha mapambo, ila kazi yake ni ndogo kuliko jina lake linavyoahidi. Kwenye YouTube kuna njia tatu za kusema hutaki wimbo, na watu wengi huzichukulia kuwa kitu kimoja. Unaweza kusema wimbo huu haunivutii, unaweza kusema chaneli hii usiniletee tena, na unaweza kuufuta wimbo kwenye historia kana kwamba hukuusikiliza. Ya kwanza ni maoni, ya pili ni katazo, na ya tatu inaondoa ushahidi. Nguvu zake hazilingani hata kidogo.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kujua mfumo unakula nini. Mwaka 2016 wahandisi watatu wa Google, Paul Covington, Jay Adams na Emre Sargin, walichapisha maelezo ya jinsi mapendekezo ya YouTube yalivyokuwa yakipatikana wakati ule. Kazi ilikuwa na hatua mbili. Kwanza mfumo unachambua mamilioni ya video na kubakiza mia kadhaa zinazoweza kukufaa. Halafu hizo mia zinapangwa kwa alama, na zile za juu ndizo unazoziona. Hatua ya kwanza ilitegemea sana orodha ya video ulizotazama na maneno uliyotafuta. Wahandisi wale waliandika wazi kwamba walimfundisha mashine kwa matendo ya mtazamaji, hasa kumaliza video, kuliko kwa kauli zake za napenda na sipendi, kwa sababu matendo ni mengi mno na kauli ni chache.

Mfumo umebadilika sana tangu hapo, lakini YouTube bado inawaambia watumiaji wake kwamba historia ya kutazama na ya kutafuta ni miongoni mwa mambo makuu yanayoamua mapendekezo. Sasa mrudie shemeji. Kila usiku anatoa kauli kumi za sitaki. Kila mchana simu yake inacheza singeli saa nane mfululizo, nyingine zikiwa mix ndefu za madijei zinazochezwa mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliye na mkono mkavu wa kuzizima. Kwa upande wa mfumo, huyu ni mpenzi wa singeli mwenye tabia ya kununa usiku.

Kuna waliojaribu kupima vitufe hivi kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2022 taasisi ya Mozilla ilitoa utafiti uliokusanya takwimu kutoka kwa watu 22,722 waliojitolea, walioweka programu maalumu kwenye vivinjari vyao. Mtu alipokataa video, watafiti walifuatilia ni mara ngapi baadaye alipendekezewa video zinazofanana na ile, kisha wakamlinganisha na kundi ambalo vitufe vyao vilionekana kubonyezwa lakini havikupeleka ujumbe wowote. Kuzuia chaneli kulipunguza mapendekezo yasiyotakiwa kwa asilimia 43. Kufuta video kwenye historia kulipunguza kwa asilimia 29. Kubonyeza dole gumba la chini kulipunguza kwa asilimia 12, na `Not interested` ikashika mkia kwa asilimia 11. YouTube ilijibu kwamba vitufe vyake havikukusudiwa kuchuja mada nzima. Utafiti ulihusu video za kila aina, haukuhusu nyimbo peke yake, lakini mpangilio ule unalingana na yaliyomkuta kinyozi wetu: maoni ni dhaifu, ushahidi una uzito, katazo lina uzito zaidi.

Hilo dole gumba la chini lina mtego wake. Ili uubonyeze inabidi kwanza uifungue video, na kuifungua ndiko kunakoiandika kwenye historia. Wapo wanaoingia kwenye wimbo kwa hasira, wanausikiliza nusu nzima ili wapate uhakika kwamba ni mbaya, ndipo wanaubonyezea. Kauli yao ni moja, sitaki, na tendo lao ni dakika mbili za kusikiliza. Kama wimbo umekuja kwenye ukurasa wa mwanzo na huutaki, ukataliwe hapohapo kwenye vidoti vitatu bila kuufungua.

Na ukishachagua `Not interested`, usiondoke haraka. Pale video ilipokuwa hubaki maneno mawili: `Undo`, ya kutengua, na `Tell us why`, ya kueleza sababu. Ukigusa hayo ya pili unapewa sababu mbili: kwamba umeshaitazama video hiyo, au kwamba huipendi. Tofauti yake ni kubwa kwa mtu wa muziki. Wimbo unaoupenda lakini umekuchosha kwa sababu umeusikia mno ni kesi ya kwanza. Ukiuweka kwenye ya pili unaukana wimbo wako mwenyewe.

Jumapili moja, duka likiwa limefungwa, nilikaa na shemeji tukaanza na historia. Kwenye programu ya YouTube unagusa picha yako chini kulia, kisha `History`. Juu ya orodha kuna alama ya kutafutia, na hiyo ndiyo iliyotuokoa, maana kupekua orodha ya miezi kwa kidole ni adhabu. Tuliandika neno singeli, zikaja zote zenye neno hilo kwenye kichwa cha habari. Kila moja ina vidoti vitatu, ndani yake `Remove from watch history`. Unagusa, inatoka, unaendelea. Tukatafuta tena kwa neno mix, kwa sababu mix za madijei huwa na majina kama ya sherehe na mengi hayataji aina ya muziki. Zile za dakika sitini na kuendelea tulizipa kipaumbele. Wimbo mmoja wa dakika tatu ni kitu kidogo. Saa nzima iliyochezwa mpaka mwisho ina sauti kubwa zaidi.

Kuna njia ya kufuta kwa mafungu. Ukienda `myactivity.google.com` ukiwa kwenye akaunti yako, unaweza kufuta shughuli za YouTube za siku moja, za kipindi unachokitaja mwenyewe, au zote tangu mwanzo. Shemeji alitaka kufuta miezi mitatu kwa mpigo. Nilimzuia, kwa sababu ndani ya miezi hiyo kulikuwa na jioni zake za Mbaraka na Marijani, ambazo ndizo ushahidi pekee kwamba kuna mtu mwingine anayetumia simu ile baada ya saa mbili usiku. Ukifuta vyote, mfumo haukujui tena, na mtu asiyejulikana huletewa vinavyopendwa na wengi mahali alipo. Kwa Tanzania ya leo, hivyo si Juma Kilaza. Kuna la kushangaza zaidi: tangu Agosti 2023, mtu aliyezima kabisa historia yake na asiye na rekodi ya kutosha ya zamani hukuta ukurasa wa mwanzo mtupu.

Kwenye ukurasa huohuo wa shughuli tuligundua kitu ambacho wengi hukisahau. Pamoja na nyimbo zilizotazamwa, kuna maneno yaliyotafutwa, na hayo huandikwa kando. Wateja walikuwa wamemwandikia mengi: singeli mpya, singeli za harusi, majina ya madijei, jina la msanii mmoja kwa tahajia nne. Ukifuta video na kuacha maneno, nusu ya ushahidi imebaki mezani. Tukaufuta nao.

Halafu zikabaki laiki. Kufuta wimbo kwenye historia hakuondoi dole gumba la juu lililobonyezwa juu yake, wala hakukutoi kwenye chaneli uliyojiunga nayo. Hivi ni vitu vitatu vinavyokaa sehemu tatu. Kwenye orodha ya video alizozipenda shemeji tulikuta nyimbo ambazo aliapa hajawahi kuzigusa, na namwamini. Simu inayokaa juu ya meza ya kinyozi hubonyezwa na kila anayesubiri zamu. Tulizitoa moja moja. Anayetumia YouTube Music anapaswa kukumbuka kwamba programu zile mbili zinashiriki akaunti moja, na kilichofanyika kwenye moja huathiri nyingine, hivyo kusafisha huku na kuacha kule ni kupoteza bando.

Swali ambalo shemeji aliniuliza, na nimelisikia kwa wengine pia, ni kama kufuta huku kunamuumiza msanii. Hapana. Unachofuta ni rekodi iliyo kwenye akaunti yako, si idadi ya watazamaji inayosomeka chini ya video. Msanii hajui, na hakuna ujumbe unaomfikia.

Tukafika kwenye katazo. `Don't recommend channel` inapatikana kwenye vidoti vitatu vya ukurasa wa mwanzo, na kwa mtu mwenye adui mmoja anayejulikana ndiyo dawa kali kuliko zote. Ila neno lenyewe linasema chaneli. Halisemi msanii, na hapo ndipo muziki unapotofautiana na mahubiri au mpira. Mhubiri ana chaneli yake na maneno yake yako humo. Msanii wa Bongo yuko kila mahali. Ana chaneli yake rasmi, na pembeni mara nyingi kuna nyingine yenye jina lake likifuatiwa na neno `Topic`, ambayo hutengenezwa na YouTube yenyewe kutokana na nyimbo zinazoletwa na wasambazaji. Kuna chaneli za watu wanaopandisha mashairi ya nyimbo zake, kuna za madijei, kuna ya lebo yake. Ukizuia ile rasmi, umefunga mlango mmoja tu.

Kolabo ndizo zinazokera zaidi. Chukua "Waah!", wimbo wa Diamond Platnumz wa mwaka 2020 aliomshirikisha Koffi Olomide. Mtu asiyetaka kumsikia Koffi na akazuia chaneli ya Koffi bado ataletewa "Waah!", maana video iko kwenye chaneli ya Diamond. Akitaka kuuepuka kwa katazo inabidi amzuie Diamond mzima, pamoja na nyimbo zake nyingine zote. Hapo ni heri kuukataa wimbo wenyewe kwa `Not interested` na kuufuta kwenye historia kama ulishachezwa, kuliko kumfukuza mtu mwingine kwa kosa la mgeni wake.

Dansi la zamani lina tatizo la upande wa pili, na shemeji nusura alipate. Nyimbo nyingi za Morogoro Jazz na Super Volcano ziko kwenye chaneli za mashabiki na wakusanyaji wa santuri, na chaneli hizohizo hupandisha taarab, kwaya na mambo mengine mengi. Alipokuta wimbo wa taarab asioutaka, kidole kilikuwa njiani kuizuia chaneli. Angeizuia, angejikatia na Mbaraka. Kabla ya kuzuia, fungua chaneli uone ina nini kingine. Kuitazama orodha yake si sawa na kucheza video.

Katazo hilo pia halikuwekei ukuta kote. Linahusu mapendekezo. Ukitafuta jina la msanii mwenyewe utamwona, na ukienda kwenye chaneli yake utaikuta kama ilivyo. Wazazi wanaodhani wamemfungia mtoto msanii fulani kwa kitufe hiki wamefungia kupendekezwa tu. Mtoto anayejua kuandika jina atampata.

Kwa anayesikiliza kwenye Spotify, iliyofika Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021, mambo yamepangwa tofauti. Kule msanii ni kitu kinachotambulika, hivyo tangu 2019 kuna amri ya kumnyamazisha: ukurasa wa msanii, vidoti vitatu, kisha `Don't play this artist`. Hata hivyo ilipoanza, nyimbo za wengine ambazo yeye ameshirikishwa tu ziliendelea kucheza. Kolabo inashinda huko pia. Kuhusu historia, Spotify haikuzoea kumpa msikilizaji kifutio cha wimbo mmoja mmoja. Badala yake, tangu 2023, orodha nzima ya nyimbo inaweza kutengwa isihesabiwe kwenye ladha yako, kwa amri ya `Exclude from your taste profile`. Mwenye orodha ya kumlazia mtoto aitenge hiyo. Na kuna `Private session`, inayowashwa kabla ya kusikiliza, ingawa hujizima ukikaa muda mrefu bila kuigusa simu. Apple Music nayo ina swichi ya `Use Listening History` kwenye mipangilio ya simu, unayoweza kuizima pale wageni wanapoishika.

Baada ya usafi ule, tulivuta ukurasa wa mwanzo kushuka ili ujipange upya. Mabadiliko yalionekana, japo hayakuwa kamili: video za juu zilikuwa mchanganyiko, singeli mbili tatu zikiwa bado zimo kutoka kwenye chaneli zilezile. Hizo ndizo tulizozizuia kwa katazo, kwa kuwa sasa zilikuwa chache na zinajulikana. Huo ndio mpangilio ninaoupendekeza, ushahidi kwanza, katazo baadaye. Ukianza na katazo wakati historia bado imejaa, utazuia chaneli ishirini na mfumo utatafuta ya ishirini na moja, kwa sababu bado unaamini unapenda aina hiyo ya muziki.

Kupima kama imefaulu ni rahisi. Angalia video kumi za kwanza kwenye ukurasa wa mwanzo kabla ya kufuta, uandike ngapi huzitaki. Rudia kesho yake na baada ya siku kadhaa, bila kucheza chochote cha upande ule. Kama idadi haishuki, kuna mahali umesahau: mara nyingi ni laiki, au maneno yaliyotafutwa, au umefuta kwenye akaunti moja huku simu ikichezea kwenye nyingine. Simu zetu nyingi zina akaunti mbili au tatu za Google, moja ikiwa ya aliyetuuzia au kutufungulia simu, na picha ya mduara kwenye programu ndiyo inayokuambia uko wapi.

Kazi yote hii ingekuwa bure kama Jumatatu duka lingefunguliwa kama kawaida. Kwa hiyo tulifungua akaunti ya pili ya Google kwa ajili ya kinyozi, kwenye simu ileile. Asubuhi shemeji anagusa picha yake, anachagua akaunti ya duka, na wateja wanaharibu watakavyo. Usiku anarudi kwenye yake. Kuna hali ya `Incognito` pia, ambayo haiandiki kitu kwenye historia, lakini kwa matumizi ya kutwa nzima haifai, kwani hujifunga yenyewe simu ikikaa bila kuguswa, na kinyozi hana muda wa kuiwasha kila mara. Akaunti ya pili ina faida nyingine: YouTube imejifunza wateja wake wanataka nini, na siku hizi wimbo unaojichagua dukani mara nyingi ndio ambao kijana wa kwenye kiti angeuomba.

Shida moja ndogo ilibaki. Katika hamasa ya Jumapili ile, shemeji alizuia chaneli moja ambayo siku chache baadaye aliikumbuka, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na rekodi nzuri ya Marijani. Ukitaka kutengua hapohapo, `Undo` inatosha. Siku zikipita inabidi urudi `myactivity.google.com`, uingie `Other activity`, utafute sehemu ya maoni ya `Not interested` ya YouTube, na ufute. Tatizo ni kwamba pale zinafutwa zote kwa pamoja: kila wimbo uliowahi kuukataa na kila chaneli uliyowahi kuizuia zinasamehewa siku moja. Shemeji alifikiri kidogo, akaamua kutofuta. Rekodi ya Marijani anaitafuta kwa jina, na inakuja.